Barua kwa mwanangu: salamu za wazee wa Rungwe

"Baba shikamoo. Huku kijijini wazee wakija ofisini wanasalimia weee, za usiku, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, yaani dakika kumi na shida hajasema. Jana mzee mmoja nikamwambia kwa upole 'haya mzee nikusaidie nini?' akasema hapana napita tu, akaondoka. Nimekosea wapi? Nijibuje hizo salamu?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili nikacheka, afu nikaacha kucheka maana huyo mzee wako nimeshawahi kumfukuza na mimi, si huyo huyo lakini mwenzie, na ilinigharimu.

Ngoja nianze na hilo la "napita tu". Mzee wa huko hapiti tu ofisini kwa bibi shamba. Kutoka mlimani kwake mpaka hapo ni kupanda na kushuka, tope, mvua ya Tukuyu unaijua sasa, hawezi kuja kupunga upepo. Akisema napita tu maana yake mlango umefungwa na aliyeufunga ni wewe. Kosa sio upole wako, upole ulikuwa nao sawa. Kosa ni neno "nikusaidie nini". Kwa Dar ulikokulia hilo ni neno zuri kabisa la huduma, huko linasikika kama umemwambia sema unachotaka uondoke. Afu linamfanya awe muombaji kabla hajawa mgeni.

Sasa kuhusu kujibu. Ukisikiliza vizuri utaona hizo salamu haziendi ovyo, zinatoka ndani kwenda nje. Kwanza mwili wako, umelalaje, umeamkaje, na ndio maana hata Kinyakyusa chenyewe kinaanzia hapo, ugonile ni kuulizana umelala. (Kwa mzee useme mugonile hata akiwa peke yake, ugonile ni ya mtoto na ya rika lako, hapo usiteleze. Ukisalimiwa wewe jibu ndaga, inatosha, hawategemei ujue zaidi.) Halafu wanakuja watu wa nyumba yako, mwenzio, watoto, wazazi, mgonjwa kama yupo. Mwisho ndio inatoka nje, shamba, mvua, mifugo, kazi. Ikishafika kwenye mvua na kazi ujue mmekaribia, na wewe ndio ulimkatia hapo hapo kwenye ng'ombe, alikuwa kabakiza hatua moja tu!

Kila swali unajibu na unalirudisha. Watu wengi wa mjini wanajibu tu, nzuri, nzuri, nzuri, kama unamjibu konda, unamwacha mwenzio anasukuma gari peke yake ndio maana inakuwa ndefu na inachosha. Yeye akisema habari za nyumbani wewe sema nzuri mzee, hawajambo, huko kwako wameamkaje? Hapo mnabeba wawili. Na jibu la kwanza siku zote ni zuri hata kama nyumba inaungua, hatujambo, salama, tunamshukuru Mungu. Ubaya unakuja baadae, na unakuja kidogo kidogo.

Hapo kwenye kidogo kidogo ndio pa kukaa macho. Jibu la kawaida ni nzuri. Akikwambia "nzuri kiasi", au "tunasukuma", au "hivyo hivyo tu", au ukamuuliza za watoto akasema "wapo" akanyamaza, ameshaanza kukwambia alichokuja nacho. Hajasema lakini ameonyesha mlango. Wewe usimrukie hapo hapo ooh kuna nini mzee, hapana. Uitikie pole pole, "ohoo, pole", mwendelee na zilizobaki, ila kichwani weka alama.

Nikupe yangu. Mwaka 1994 nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununua majani mabichi ya chai, huko huko Rungwe, wewe bado hujazaliwa. Kazi yenyewe mkulima analeta majani kwenye gunia, natundika kwenye mizani, nasoma kilo, natoa uzito wa gunia, na majani yakiwa yameloa naondoa kilo moja au mbili za maji, naandika kwenye kitabu chake. Hayo ya maji ndio yalikuwa na ugomvi maana hakuna kipimo, ni jicho la karani na kiganja chake, unashika majani unakisia.

Asubuhi moja kabla ya magunia kuja akafika mzee mmoja, mkulima wa siku nyingi, hana gunia. Nilitakiwa nijiulize hapo hapo, mkulima bila gunia kwenye mizani anafanya nini? Mimi nipo nahesabu vitabu. Akasalimia, nikaitika huku naandika. Akauliza za usiku, za mama yako, za mtoto (kaka yako alikuwa mchanga), za nyumbani kwetu kwa wazee, mimi nzuri, nzuri, nzuri. Afu nikamuuliza kwa mazoea tu, za mvua huko juu? Akasema, "Mvua? Mbona kavu, siku ya nne leo hatujaiona." Akanyamaza. Mimi nikainua kichwa nikasema haya mzee sema, una shida gani maana lori linakuja. Akasema hapana, nilipita kukujulia hali. Akaaga vizuri kabisa, bila hasira, akaondoka.

Wiki mbili baadae kukawa na mkutano wa wakulima, mwenyekiti wa kijiji yupo, watu wamejaa, akasimama kijana mmoja akasema karani anatukata kilo ya maji hata jua likiwaka. Na ilikuwa kweli. Sikuwa naiba, nilikuwa nimezoea, kipindi cha mvua nakata kilo kila gunia basi mkono ukaendelea wenyewe hata mvua ilipokatika. Nilisimama mbele ya wale watu sina la kusema, jasho linanitoka na baridi lote lile. Nilikatwa mshahara na nikahamishwa kituo.

Nilimfuata yule mzee nyumbani kwake kumuuliza kwa nini hakuniambia mapema tukayamaliza wawili. Akaniambia "Nilikuja kukuambia. Nilikukuta una haraka." Ndio nikaelewa lile la mvua lilikuwa ndio lenyewe. Siku ya nne hatujaiona, yaani maji unayotukata yanatoka wapi. Alikuwa ameshaliweka mezani, alikuwa anasubiri mimi nimwambie neno moja tu ili aendelee.

Neno lenyewe ni "enhe". Usicheke. Salamu zikishaisha, na utajua zimeisha maana maswali yanaanza kujirudia au anasema "haya" ya kuvuta pumzi, wewe umeshampa kiti na amekaa (asiyekaa ndio kweli anapita, aliyekaa ana jambo, hiyo haijawahi kunidanganya), unasema "Enhe, karibu sana mzee" afu UNANYAMAZA. Weka kalamu chini, geuza simu. Kutakuwa na kimya, kinaweza kuwa kirefu mpaka ukajisikia vibaya, usikijaze. Atakohoa, ataangalia kofia yake, afu atasema "basi bibi shamba" au "sasa mwanangu". Ukisikia basi au sasa, shida ndio inaanza. Ukiongea wewe kwenye kile kimya utamrudisha kwenye ng'ombe na mtaanza upya, hapo hata mimi nitakuonea huruma.

Na ukiwa na kazi kweli, watu wa mbolea ya ruzuku wamepanga foleni mpaka nje? Usifupishe salamu katikati. Simama, msalimie raundi ya kwanza tu ile ya mwili, mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia, mpe kiti, afu useme ukweli, mzee naomba radhi nina hawa watu nikiwamaliza nakuja tukae tuongee vizuri. Atasubiri hata masaa mawili hana neno. Wanachokichukia sio kusubiri, ni kusalimiwa nusu.

Kwenye simu ni tofauti kidogo maana vocha inaliwa. Mzee akikupigia, itika salamu moja, mwambie kata nikupigie, afu upige wewe ndio msalimiane kwa raha. Ukimwacha asalimie kwa hela yake itakata kwenye za watoto na hutajua alitaka nini mpaka mwezi ujao.

Kitu kimoja uwe nacho macho. Mtu akija hana salamu, anaanza na jambo moja kwa moja, inuka, hiyo ni dharura, ni moto au mama anajifungua au mtu kaanguka. Na akija anasalimia lakini kwa sauti ya chini, ukimuuliza kwema? akajibu "kwema kidogo" au "si kwema sana", kaa chini wewe kwanza. Hiyo mara nyingi ni msiba, na anazunguka kwa ajili yako wewe sio yeye, anakutafutia kiti kabla hajakuangusha. Usimlazimishe aseme haraka. Mimi habari za babu yako niliambiwa hivyo hapa Iringa, mtu alinisalimia kamwene, salamu ya Kihehe, kwa upole, akaniuliza mpaka kuku, nikajua kabla hajafika mwisho, na nilipoambiwa nilikuwa nimeshakaa.

Sasa mzee wako wa jana. Usimwite ofisini, ofisini alishafukuzwa. Jumamosi nenda kwake, ukifika piga hodi, subiri karibu, chutama kidogo ukimsalimia, hakuna atakayekucheka kwa sababu una diploma. Beba sukari kilo moja sio zaidi, ukibeba vingi atadhani umekuja kununua kitu. Msalimie wewe, zote, mpaka mvua, na sikiliza wapi anasema "kiasi". USIMUULIZE juzi ulikuja na shida gani, hiyo ni nikusaidie nini ile ile imevaa koti. Akikuletea ndizi kula. Asiposema siku hiyo aga urudi, akikusindikiza mpaka njia panda punguza mwendo, wengi wanasemea njiani maana hawakuangalii usoni mkitembea.

Ukishajua niambie alitaka nini, na mimi nimebaki nawaza. Mama yako anakusalimia, anauliza baridi la huko umelizoea na ile blanketi ya brauni kama ilikufikia kwenye mzigo.

Baba yako
Iringa