Sindano ya miezi mitatu na matone yasiyoisha

"Nimechoma sindano mara ya pili, siku ya 12 sahivi natoka matone tu, mama mkwe anasema damu inaganda tumboni na mifupa itaisha, nihamie kijiti?"

Pole mdogo wangu. Damu haigandi popote, homoni inafanya ukuta wa ndani wa kizazi uwe mwembamba ndo maana matone yanakuja ovyo miezi ya mwanzo, na wengi wakifika mwaka hedhi inakata kabisa na haina madhara. Hilo nesi alitakiwa akwambie kabla hajachoma. Kuhama kisa matone tu sikushauri, kijiti nacho kinatoa matone na hakitabiriki. Waulize kliniki kuhusu ibuprofeni ya siku 5 kama huna vidonda vya tumbo. Ila ikijaza pedi kila saa au tumbo linauma sana, nenda haraka upimwe, mimba pia. Mama mkwe kwenye hilo la mifupa kuisha kapatia nusu: uimara unapungua kidogo, zaidi miaka 2 ya mwanzo, ukiacha sindano unarudi. Aliye chini ya 18 au anayemeza steroidi muda mrefu ndo ningemwambia afikirie kijiti. Wewe una miaka mingapi?