Kuomba KRA ulipe kodi kwa awamu: barua iandikwe vipi

"Nina salio la kodi ya mapato ya 2024, shilingi 360,000. Duka la vifaa vya ujenzi. Tarehe 30 Aprili imepita na tayari ni Juni. Nikitaka kulipa kidogo kidogo niwaandikie nini?"

Msingi wa ombi ni kifungu cha 33 cha Tax Procedures Act: unaomba kwa maandishi, unaonyesha sababu ya maana, nao wanajibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukikubaliwa, riba haisimami. Inaendelea kuhesabiwa tangu tarehe ya awali.

Kwanza toa leja yako kwenye iTax, barua ibebe takwimu zilezile. Kwako: kodi 360,000, faini ya kuchelewa asilimia 5, yaani 18,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, 3,600 kwa Mei na 3,600 kwa Juni. Riba hii hailimbikizwi juu ya riba, na kipande cha mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Kwa hiyo tarehe ya awamu iwe 28, kabla mwezi mwingine haujaanza.

"Biashara imekuwa ngumu" si sababu, kila mtu anaiandika. Andika hivi: "Mteja anadaiwa 420,000 kwa ankara ya 14 Februari, bado hajalipa." Ambatanisha ankara, oda yake na taarifa ya benki ya miezi sita. Afisa anataka kuona pesa zilikwama wapi na zitatoka wapi.

Sasa ratiba. Wengi wanagawanya sawasawa, halafu wanakwama Septemba, kwa sababu kodi ya mapato ya mwaka huu, inayolipwa mapema kwa awamu, nayo inadaiwa tarehe 20 Septemba na 20 Desemba. Miezi hiyo punguza:

"Nimelipa 60,000 leo. Salio la 300,000 nitalipa kila tarehe 28: Julai 60,000, Agosti 60,000, Septemba 30,000, Oktoba 60,000, Novemba 60,000, Desemba 30,000. Faini na riba nitamaliza 28 Januari."

Riba ya Julai hadi Desemba itakuwa 9,900. Ukijumlisha 7,200 ya mwanzo na faini, Januari unabaki na 35,100. Hiyo 60,000 ilipe kweli kabla ya kutuma, na risiti iende na barua; ombi lisilo na malipo yoyote ni rahisi kuliweka pembeni.

Usiahidi zaidi ya uwezo wako. Ukiruka awamu moja, sheria inafanya salio lote lidaiwe papo hapo, na hapo wanaweza kuiandikia benki yako ikate moja kwa moja. Afadhali miezi minane unayoiweza kuliko minne ya kujisifu. Na kama una wafanyakazi, PAYE ya kila mwezi isichelewe: ukizalisha deni jipya huku unaomba muda kwa la zamani, umejiangusha mwenyewe.