Kumwomba mhadhiri mgeni mada mapema

"Alhamisi ijayo mhadhiri mgeni anakuja kutufundisha umiliki wa ardhi hapa Kampala. Nimwandikieje anipe mada mapema ili wenzangu waandae maswali, bila kuonekana ninamwamrisha?"

Ndugu mwanafunzi, kwanza mwarifu mwalimu wenu aliyemwalika, kwa kuwa huenda mada amekwisha kupewa, kisha umtumie nakala ya barua pepe yako. Mimi niliwahi kumruka wangu, na mgeni akamjibu yeye badala yangu; aibu ile naikumbuka hadi leo.

Usiombe slaidi, maana wengi huzikamilisha usiku wa kuamkia mhadhara. Swali kama "utazungumzia nini?" humwachia kazi ya kutunga, ilhali swali lenye uchaguzi hujibiwa kwa mstari mmoja. Kwa mfano:

"Mheshimiwa Daktari, ninaandika kwa niaba ya wanafunzi 40 utakaowafundisha Alhamisi. Tumekwisha kusoma mifumo minne ya umiliki iliyomo katika Katiba ya mwaka 1995, lakini hatujafikia migogoro yake. Je, utajikita zaidi katika ardhi ya mailo au ya kimila? Ukitujulisha kufikia Jumatatu, tutakutumia maswali matano tuliyoyachuja. Ahsante."

Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito, kwani inamwonyesha pa kuanzia. Jumatatu ikipita kimya, usimpigie simu. Mwombe mwalimu wenu amkumbushe mara moja, nanyi mwandae maswali ya mifumo yote miwili. Hata akijibu, bakizeni machache ya akiba, kwa sababu mgeni ana haki ya kubadili mada.