Kufunga plagi mpya ya pasi: anza kwa kuisoma ile iliyoungua

"Wakuu, plagi ya pasi yangu imeyeyuka upande mmoja. Fundi aliwahi kunibadilishia, haikukaa, waya ukachomoka. Safari hii nimenunua plagi mwenyewe, nataka kuifunga mwenyewe. Naanzia wapi? Niko Sakina, Arusha."

Mkuu, ile iliyoyeyuka usiitupe kwanza. Hapa Moshi, Mbuyuni, natengeneza pasi na majagi ya umeme, na plagi za namna hiyo huletwa mezani kwangu kila mara. Nikishaifungua huwa naangalia joto lilianzia wapi, maana hilo ndilo linaloamua kama plagi mpya itadumu.

Kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni skrubu inayobana waya. Kama ilikuwa imelegea, mpira wa waya ulio karibu yake utakuwa mgumu na unakatika kama biskuti, na shaba yake imekuwa nyeusi. Ya pili ni fyuzi. Ikiwa ncha zake zimebadilika rangi na vibati vinavyoishika vimetanuka, joto lilitoka hapo. Ya tatu ni mguu wenyewe kwa nje. Ukiuona una madoa meusi au vishimo vidogo kama umeliwa, mbaya wako ni soketi ya ukutani au ya ekstensheni, chuma chake cha ndani hakiubani mguu tena. Soketi ya namna hiyo itaiunguza plagi yoyote utakayochomeka, hata iwe mpya. Kubadilisha soketi ya ukutani mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Plagi utaiweza mwenyewe.

Majuzi mama mmoja mshonaji wa Majengo aliniletea pasi ya wati 1,800 yenye tatizo kama lako. Ukigawa 1,800 kwa volti 230 unapata karibu ampea 8, na pasi yake inashinda kwenye umeme mchana kutwa. Mkondo huo ukipita kwenye skrubu iliyolegea, pale pale panazaliwa joto. Joto linalegeza zaidi, na kulegea kunaongeza joto. Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kukuokoa hapo, kwa sababu ampea ni zile zile 8, hazijazidi. Ndiyo maana plagi inayeyuka na fyuzi bado nzima.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa pasi kwenye umeme, iache ipoe. Kata waya nyuma ya sehemu iliyoungua, kisha menya kidogo uione shaba. Kama ni nyeusi au imefifia, kata tena, endelea mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Waya wa yule mama nilipunguza karibu urefu wa kiganja ndipo nikaipata safi. Usione huruma na waya, shaba nyeusi hata uikaze vipi haigusani vizuri na skrubu.

Fungua plagi mpya, uilaze ndani ikiangalia juu, mguu mrefu ukiwa upande wa mbali nawe. Waya wa kijani na njano unaenda juu kwenye mguu huo mrefu, ndiyo ethi. Wa kahawia, laivu, unaenda kulia kwenye fyuzi. Wa bluu, nyutro, kushoto. Ukikuta waya wa zamani, nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi. Kwenye pasi ethi haiachwi kamwe, maana bati la chini ni chuma na mtu analigusa.

Kabla ya kukata nyaya za ndani, laza waya ndani ya plagi, ganda la nje la waya likiwa limepita chini ya kibanio kinachoushika waya mlangoni mwa plagi, na kutokeza kidogo upande wa ndani. Hapo ndipo unapima kila waya mpaka kwenye skrubu yake. Ethi iache ndefu kuliko wenzake, ilale imejikunja kidogo. Sababu yake ni kwamba siku waya ukivutwa mpaka kibanio kikashindwa, laivu ichomoke kwanza na ethi iwe ya mwisho. Ikitokea kinyume, unabaki na pasi yenye moto lakini haina ethi.

Menya ncha milimita 6 hivi. Sokota nyuzi za shaba kwa vidole zishikane, zikunje mara mbili kama tundu la plagi ni pana, kisha zisukume mpaka mwisho. Skrubu ibane shaba, isibane mpira, na usiache hata uzi mmoja unaning'inia nje. Kama plagi yako ni ya kuzungusha waya kwenye skrubu, uzungushe kufuata mshale wa saa ili skrubu ikikazwa iuvute waya ndani. Kaza kwa bisibisi inayoijaza mifereji ya skrubu, halafu vuta kila waya peke yake. Ukicheza, rudia. Mafundi wengine hutia risasi kwenye ncha kabla ya kubana. Mimi siifanyi na sikushauri. Risasi ni laini, ikibanwa inatambaa polepole, na baada ya muda skrubu inakuwa imelegea bila mtu kuigusa.

Kibanio ndicho kilichomwangusha fundi wako, naamini hivyo. Mara nyingi nakuta ganda la nje limemenywa refu mno, kibanio kinashika zile nyaya tatu nyembamba au hakishiki kitu. Pasi inavutwa kila siku, na nguvu yote inaishia kwenye skrubu za shaba. Kibanio lazima kikae juu ya ganda la nje. Kama waya wa pasi yako umevikwa kitambaa, punguza nyuzi zilizofumuka na zungushia ncha yake utepe wa umeme, kisha ubane kitambaa pamoja na mpira wake. Skrubu mbili za kibanio zikaze kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kisikae upande. Kabla ya kufunika, shika plagi kwa mkono mmoja na uvute waya kwa nguvu huku ukitazama ndani. Ganda lisisogee, na nyaya tatu zibaki zimelegea vile vile.

Ukiwa na maltimita, pima kabla ya kuchomeka. Kutoka mguu mrefu hadi bati la pasi isome chini ya omu 1, ukigusisha sehemu ya chuma tupu. Laivu kwa nyutro, kitufe cha joto kikiwa kimewashwa, pasi ya wati 1,800 itakupa kama omu 29. Laivu kwa ethi isisome kitu kabisa. Ikisoma, tatizo liko ndani ya pasi, usiichomeke.

Pasi ikishafanya kazi robo saa, zima swichi ya soketi, chomoa, gusa miguu. Uvuguvugu ni kawaida kwa mzigo huo. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe kidole, fungua uangalie skrubu na vibati vya fyuzi. Vikiwa vimekaza, jaribu pasi hiyo hiyo kwenye soketi nyingine. Kule ikibaki vuguvugu, ile ya kwanza iache kutumika mpaka ibadilishwe.