Barua ya kumuaga mwanao, andika habari ya pesa

"Mwanangu anaondoka mwezi ujao kwenda kusoma ng'ambo. Nataka kumwandikia barua ya kumuaga. Wewe uko huko, nimwambie nini? Nimkumbushe asitusahau sisi na wadogo zake, maana nasikia huko kazi haziishi."

Shangazi, shikamoo. Kazi zipo, ila mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kuzifanya zote. Uingereza, kwa mfano, wengi wanaosomea shahada wana ruhusa ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nchi nyingine zina kikomo chake. Malipo ya saa hizo, kodi ya chumba ikishapita, yanabaki ya nauli na chakula.

Sasa ujumbe unaingia: karo ya mdogo wako, mwisho Ijumaa. Hatajibu kwamba hana. Atachukua zamu ya usiku juu ya zile saa, pesa itafika na nyinyi mtashukuru. Lakini hati za mshahara zinabaki, na siku ya kuongeza viza zile saa zinaweza kuhesabiwa. Akikimbilia kazi ya kulipwa mkononi, bosi akimdhulumu atashtaki wapi? Nimelala chumba kimoja na kijana aliyeosha vyombo mwezi mzima, akapewa nusu ya ujira, akanyamaza kwa sababu ya makaratasi.

Kwa hiyo, shangazi, habari ya wadogo zake itoe. Anawajua. Andika waziwazi: "Mwaka wa kwanza hatutegemei hata senti kutoka kwako." Halafu mtaje mtu mmoja hapo nyumbani ambaye kila ombi la ukoo litapitia kwake, kwa kuwa ndugu watapata namba mpya ya mwanao kabla hajapata chumba. Mtu huyo awe anaweza kusema hapana. Wewe huwezi, nakujua.

Na akituma pesa baada ya miezi mitatu tu, pokea. Ndiyo, nimesema mwaka. Mtoto uliyemlea vizuri hazuiliki, na ukimrudishia utamuumiza. Mwambie tu atume kwa mkupuo mmoja, maana vijisenti vya kila wiki vinaliwa na ada ya kutuma.

Jambo jingine liandike hata kama kalamu inagoma: mtu akiugua nyumbani, mtamwambia siku ileile. Wazazi mnaficha ili asome kwa utulivu. Anayejua kwamba anafichwa hatulii, kila simu ya usiku anaiona msiba. Ahidi, na utimize.

Barua aiweke kwenye begi la mkononi, pamoja na vyeti halisi. Nakala ya pasipoti na viza ubaki nazo wewe. Ikipotea pasipoti, ubalozini zitamsaidia kujieleza.

Habari za kuoa huko usiandike kabisa. Hizo mjomba atampigia mwenyewe, na atampigia usiku wa manane wa huko.