Peti keshi ya jikoni isiyokubali hesabu

"Nimekabidhiwa peti keshi ya jikoni hotelini, shilingi 300,000, na kila Ijumaa hesabu haikubali. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, anzia kwenye kanuni moja: wakati wowote kasha likifunguliwa, fedha taslimu ukijumlisha na vocha ambazo hazijarejeshewa fedha lazima zitimie 300,000 kamili. Tuseme Ijumaa umekuta taslimu 112,500 na vocha za 181,500. Jumla ni 294,000, na pengo ni 6,000. Pengo dogo la namna hiyo mara nyingi ni nauli ya bodaboda aliyetumwa sokoni kufuata ndimu, akapewa fedha mkononi kabla vocha haijaandikwa. Kwa hiyo, hata fedha ya kutangulizwa iandikiwe vocha ya muda yenye saini ya mpokeaji, ibadilishwe siku hiyo hiyo aletapo risiti na chenji.

Mhasibu akurejeshee 181,500 tu, na zile 6,000 ziandikwe wazi kuwa upungufu. Usizizibe kwa fedha yako, kwa maana utaficha chanzo chake.

Kuhusu kikomo, ikiwa ni 30,000 kwa vocha, angalia sana vocha mbili za 28,000 za muuzaji mmoja kwa siku moja, kwani hapo huenda manunuzi yamegawanywa ili kukwepa idhini ya meneja. Ukaguzi wa kila wiki ufanywe na mtu asiyeshika ufunguo, bila taarifa, nawe ukiwepo, kisha nyote wawili mtie saini.