Insha ya mila na sheria: anzia kwenye shamba la Muleba

Swali hili huulizwa kila mwaka, maneno yakibadilika kidogo tu: "Jadili mgongano kati ya sheria za mila na sheria zilizotungwa nchini Tanzania." Nilipokuwa mwaka wa pili nililijibu kwa kurasa kumi na mbili, na nikaamini nimeandika vizuri. Insha iliporudi, mhadhiri alikuwa amepigia mstari sentensi yangu ya kwanza kabisa, "Mila za Kiafrika humnyima mwanamke urithi," na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mila ipi? Imeandikwa wapi? Nani ameipa nguvu mahakamani?"

Sikuwa na jibu hata moja. Tangu hapo nimesoma rasimu nyingi za wadogo zangu wanaosomea sheria, na karibu zote hukwama pale pale nilipokwama mimi. Mila inaletwa kama zee moja kali, sheria inaletwa kama mkombozi, wanapigana kurasa nane, sheria inashinda. Ushauri wangu ni kuacha kuzungumzia mila na sheria kwa jumla. Chukua kesi moja, ifuate kutoka mahakama ya chini hadi ya juu, na katika kila ngazi uliza ni kifungu gani kilichotumika. Kesi ninayoipendekeza ni ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, tarehe 22 Februari 1990.

Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Umri ulipomwendea, hana wa kumtunza, tarehe 24 Agosti 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wao. Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai mauzo yale ni batili kwa sababu kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Pastory akakata rufaa, na Mahakama ya Wilaya ikampa haki kwa kuitegemea Katiba. Ndipo Ephrahim akapanda Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Sasa rudi kwenye swali la kalamu nyekundu. Mila ile imeandikwa wapi? Imeandikwa kwenye Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililotangaza kanuni za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kanuni ya 20 inasema wanawake wanaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo wanaweza kuitumia maisha yao yote, ila hawana ruhusa ya kuiuza. Wakiwa hawapo wanaume katika ukoo, hapo mwanamke anaweza kuimiliki kikamilifu.

Hapa pasome taratibu, maana ndipo insha nyingi zinapopoteza alama. Kanuni ile inaitwa mila, lakini ni maandishi yaliyotangazwa na serikali katika gazeti lake, chini ya sheria ya Bunge. Inaingia mahakamani kupitia Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ile wanasheria wanayoiita JALA. Kifungu cha 11 kinaeleza ni lini mahakama itumie sheria za mila, na kifungu cha 12 kinaeleza namna halmashauri ya wilaya inavyoweza kuanzisha safari ya kuitangaza mila ya eneo lake au kuirekebisha. Kwa hiyo mila inapokutana na sheria kortini, mara nyingi mlango imefunguliwa na sheria yenyewe. Ukilisema hilo katika aya ya pili ya insha yako, msahihishaji atajua umefika kwenye chanzo.

Nami niliuelewa uzito wa kanuni hiyo nyumbani kabla sijauelewa darasani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipewa kipande cha kibanja na baraza la ukoo baada ya babu kufariki. Nilikuwepo, mtoto wa darasa la sita, nimeketi kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni. Mzee aliyeongoza baraza alimwambia: "Mwanangu, migomba hii utakula na kahawa utauza. Udongo usiuguse, udongo ni wa ukoo." Shangazi akaitikia na kushukuru. Hakuna aliyefungua tangazo la serikali pale, na sidhani kama yupo aliyelijua kwa namba. Lakini maneno ya yule mzee na kanuni ya 20 ni kitu kile kile: mazao ni yako, mauzo si yako. Haki ya namna hiyo ukiieleza kwa mgomba na kahawa, huhitaji neno lolote la Kilatini.

Tukio lile lilinifunza pia kwamba kuna mila inayoishi barazani na mila iliyogandishwa kwenye maandishi ya 1963. Barazani wazee huweza kulegeza kamba. Wakimwona mama amehangaika na mzazi mgonjwa miaka kumi, nimewahi kusikia wakimwachia shamba lote. Maandishi hayana huruma hiyo. Ukiwa na jamaa wa kumuuliza, muulize, kisha ulinganishe jibu lake na kanuni. Tofauti utakayoipata inatosha aya nzima.

Turudi Mwanza. Jaji Mwalusanya alifanya nini? Wanafunzi wengi huandika "jaji alifuta mila ya Wahaya," na hapo wanakosea. Haki za msingi ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na zikaanza kudaiwa mahakamani mwezi Machi 1988. Sheria ya mpito ya mwaka 1984, namba 16, ilizitaka mahakama zizisome sheria zilizokuwepo kabla kwa kuzirekebisha kadiri inavyohitajika ili ziendane na Katiba. Jaji alipita njia hiyo. Aliona kanuni ya 20 ni ya kibaguzi, kinyume cha ibara ya 13(4), kisha akaisoma upya: wanaume na wanawake wa ukoo wana haki sawa kuhusu kuuza ardhi ya ukoo.

Fuata matokeo yake hadi mwisho. Kwa mila ile ile, mwanamume akiuza shamba la ukoo bila ridhaa ya ndugu, ndugu wanaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Jaji alimpandisha Pastory hadi pale pale alipo mwanamume. Mauzo yake yalikuwa halali, lakini Ephrahim alipewa nafasi ya kulikomboa shamba kwa shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Maana yake ukoo haukupoteza haki yake juu ya ardhi. Kilichoondoka ni tofauti kati ya kaka na dada. Kwangu mimi hii ndiyo nukta nzito kuliko zote katika kesi hii, na ni nadra kuikuta katika insha.

Angalia na tarehe. Mwaka 1990, tafsiri ya neno "kubagua" katika ibara ya 13(5) haikutaja jinsia. Iliongezwa kwa marekebisho ya mwaka 2000. Ndiyo sababu jaji alijiegemeza pia kwenye mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia, ukiwemo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Ukiinukuu Katiba ya leo kana kwamba ndiyo aliyokuwa nayo mezani, umemfanyia kazi yake kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Usiishie hapo, maana ukiishia hapo insha itasomeka kama hadithi iliyokwisha kwa heri. Wajane wawili wa Kisukuma walifungua shauri wakipinga kanuni za tangazo lile lile, zikiwemo zinazosema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Iliona mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama, kwamba makabila zaidi ya 120 yangefuata mkondo huo huo, na kwamba mahali pa kuanzia ni halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaona Tanzania imekiuka haki zao.

Mahakama ni ya ngazi moja, tangazo ni moja, ubaguzi unakubaliwa mara zote mbili, na majibu yanapishana. Eleza kwa nini. Sababu moja ni kwamba uamuzi wa jaji wa Mahakama Kuu haumfungi jaji mwenzake wa mahakama hiyo. Nyingine ni kwamba Pastory alikuwa na mauzo mahususi yanayohitaji kuamuliwa, wakati wajane waliomba kanuni zenyewe ziondolewe kwa nchi nzima. Mimi naona Mwalusanya alikuwa sahihi, kwa kuwa kumrudisha mjane kwenye halmashauri ni kumwambia angoje wakati watoto wanahitaji paa leo. Wewe unaweza kuona vingine, ila lazima useme unasimama wapi.

Hatua ya mwisho, ijaribu kesi ya Pastory kwa sheria za leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20(2), inaibatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ya kijiji. Kwa hiyo leo mgongano juu ya shamba lile umetatuliwa na Bunge lenyewe. Lakini soma mipaka yake: kifungu kinagusa ardhi. Ng'ombe, fedha za benki, pikipiki na mashine ya kukoboa kahawa haviko humo, na mjane anayedai hivyo chini ya Tangazo namba 436 bado anahitaji Katiba.

Nilipoiandika upya insha yangu, nilianza hivi: "Tarehe 24 Agosti 1988 mwanamke mmoja wa Muleba aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Insha hii inauliza ni kifungu gani kilichomzuia, kilipata wapi nguvu, na nani alikuwa na mamlaka ya kukiondoa." Safari hii kurasa zilikuwa saba. Kalamu nyekundu iligusa mahali pamoja tu, kwenye Tangazo namba 436, ambapo nilikuwa nimesahau kuandika mwaka.